Ushindi Uliotushusha

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufanya kazi katika shirikisho la kandanda la nchi, huniuliza kama nilicheza. Sikucheza. Nilikuwa mtu wa hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa moja tu: kukokotoa pointi za timu ya taifa katika jedwali la kanda. Wenzangu ofisini walijua jedwali lipo, walijua lina maana, na walijua kwamba mimi ndiye ninayelielewa. Wakaniachia. Kila lilipotoka walikuja mlangoni wakauliza, "Tuko wapi?" Nikiwajibu wanaondoka. Hakuna aliyewahi kuuliza tumefikaje huko.

Mwaka ule wa uchaguzi, ule wa mvua za El Nino, tulikuwa wa nne. Nafasi ya nne ilikuwa na maana kubwa. Mwezi wa Januari kungekuwa na droo ya mashindano ya kanda, na timu nne za juu zingewekwa katika chungu cha kwanza ili zisikutane zenyewe kwa zenyewe kwenye makundi. Wa tano alikuwa anaingia chungu cha pili, na huko unaweza kupangwa na bingwa siku ya kwanza, ukarudi nyumbani kabla nguo hazijakauka.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye nafasi hiyo ilikuwa maisha yake. Kocha wetu alikuwa kaimu. Alikuwa kaimu tangu mzungu wa mwisho afungashe virago, na kamati ilikuwa imempa ahadi mbele yetu sote: timu ikiingia chungu cha kwanza, anathibitishwa, ikikosa, anarudi kufundisha jiografia Homa Bay, na tunatafuta mzungu mwingine. Alikuwa mtu wa Homa Bay, mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu hadi mwisho, jambo ambalo katika shirikisho letu lilichukuliwa kuwa udhaifu. Sote tulimwita Mwalimu. Aliniambia siku moja kwamba tangu akiwa kijana hakuwahi kutaka kazi nyingine yoyote duniani. Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayekutajia kabila lake.

Mwalimu ndiye mtu pekee aliyewahi kuketi nami nimweleze hesabu kutoka mwanzo. Timu ilikuwa kambini Homa Bay, katika hoteli ya kando ya ziwa ambayo ilichaguliwa kwa sababu mwenye hoteli alikuwa rafiki wa mwenyekiti wa shirikisho. Tulikaa kwenye veranda, mvua inanyesha, wachezaji wanagombania samaki ndani, nami nikamwandikia nyuma ya karatasi ya menyu.

"Kila mechi," nilimwambia, "ina namba tatu. Ya kwanza ni matokeo: ukishinda tatu, sare moja, ukifungwa sifuri. Mabao hayahesabiwi, hata ufunge ishirini. Ya pili ni uzito wa mechi: ya kirafiki moja, ya kufuzu mbili, ya fainali tatu. Ya tatu ni nguvu ya mpinzani: wale wa juu moja na nusu, wa katikati moja, wa mkiani nusu. Unazidisha zote tatu."

"Tulipowafunga mabingwa kule kwao," akasema, "mechi ya kufuzu. Tatu mara mbili mara moja na nusu. Tisa."

"Tisa. Hiyo ndiyo mechi yenu kubwa ya mwaka. Mna sita mbili kwa wale wa katikati, mna tatu ya ile sare na timu ya juu, na mna sifuri ya ile mliyofungwa."

"Ile penalti haikuwa penalti, dada."

"Sifuri, Mwalimu. Jumla ishirini na nne, kwa mechi tano. Sasa hapa ndipo watu hunikimbia. Hatuchukui jumla, tunachukua wastani. Ishirini na nne kwa tano ni nne nukta nane."

Kisha nikamweleza jinsi matokeo yanavyozeeka. Wastani wa mwaka huu unachukuliwa mzima, wa mwaka jana nusu, wa mwaka juzi robo, na ya nyuma zaidi ya hapo ni sifuri, hata kama ulimfunga nani. Tukajumlisha: nne nukta nane za mwaka huu, moja nukta sita zilizobaki za mwaka jana, nukta sita za mwaka juzi. Saba kamili. Wa tano alikuwa na sita nukta saba na alikuwa amemaliza mechi zake. Desemba ikiisha jedwali linafungwa.

Mwalimu aliigusa saba ile kwa kidole. "Kwa hiyo tukikaa hapa tukala samaki mpaka mwaka uishe, mimi ni kocha."

"Ukikaa hapa ukala samaki, wewe ni kocha."

Alicheka, nami nikacheka, na nakumbuka nilivyofurahi, maana nilimpenda mtu yule kama kaka. Tungekula samaki kweli. Lakini kesho yake mwenyekiti aliwasili.

Mwenyekiti wetu alikuwa anagombea ubunge upande wa Migori. Alishuka kwenye gari akiwa na kofia ya chama chake na matope mpaka magotini, akatukusanya veranda ile ile, akatangaza kwamba amepata mechi. Timu ya taifa itacheza Migori, Jumamosi ya kabla ya uchaguzi, dhidi ya nchi ndogo ambayo sitaitaja, maana hawakunikosea kitu. Walikuwa wa mwisho kwenye jedwali. Walikubali kuja kwa furaha, kwa basi, mradi walishwe.

"Pointi za bure," mwenyekiti akasema. "Tunawapiga, tunapanda mpaka nafasi ya tatu, na wananchi wangu wanaona timu ya taifa kwa macho yao."

Nilimtazama Mwalimu, naye akaniashiria kwa kidevu niseme. Nikasema. Nilimweleza mwenyekiti kwamba kuwafunga wale watu ni tatu mara moja mara nusu, yaani moja na nusu. Ishirini na nne tukiongeza moja na nusu ni ishirini na tano na nusu, tugawe kwa mechi sita badala ya tano, tunapata nne na robo. Kutoka nne nukta nane. Jumla yetu inashuka kutoka saba hadi sita nukta nne tano, na wa tano anatupita.

"Tukishinda," akasema mwenyekiti.

"Tukishinda, Mheshimiwa. Sare ni mbaya zaidi, na tukifungwa ndiyo kabisa."

"Binti yangu. Umesoma wapi?"

Nikamtajia chuo.

"Na huko walikufundisha kwamba mtu akishinda anashuka?"

Watu wakacheka. Kucheka na mwenyekiti ilikuwa sehemu ya kazi. Mwalimu akasema kwa upole wake kwamba hesabu ameiona na ni ya kweli, na kama lazima tucheze, basi tuwaite mabingwa; tukiwafunga tungeshuka kidogo tu na tubaki wa nne. Mwenyekiti akamuuliza kama anataka timu ifungwe mbele ya wapiga kura. Kisha akaleta jambo ambalo nilijua litakuja, ile mechi ya zamani tulipowafunga majirani zetu, enzi ambazo yeye ndiye alikuwa meneja wa timu. Ile nayo iko wapi kwenye hesabu yangu?

"Ilishazeeka, Mheshimiwa. Ni sifuri."

"Sifuri?"

"Tangu zamani."

Aliniangalia kama nimemtukana marehemu. "Basi na mimi niliyeisimamia ni sifuri," akasema, akaingia ndani kula. Nilikuwa na jibu, lakini nilikuwa na kazi pia.

Ni Mwalimu aliyepata njia. Alinijia jioni na kijitabu cha kanuni za kanda, kimekunjwa ukurasa. Mechi ya kirafiki ambayo timu yoyote imebadilisha wachezaji zaidi ya sita inahesabiwa kuwa mazoezi, haiingii kwenye jedwali. "Nitashinda mechi yake," akasema, "halafu nitaingiza mtu wa saba. Wananchi wamepata mpira, yeye amepata ushindi, na saba yetu inabaki saba. Kuna mtu ataumia?"

Nilisoma kanuni mara mbili, nikamwambia hakuna. Nilimwona ni mtu mwerevu kuliko kamati nzima, na bado namwona hivyo.

Mimi ni mtoto wa Migori. Baba yangu alikuja kutoka Pwani akafungua duka la vitambaa mjini, na ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha mezani, si cha sokoni tu. Uwanja ule naujua. Siku ile ulikuwa umelowa kiasi kwamba mistari ilichorwa kwa majivu na ilifutika kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta, wengine wamekuja tangu asubuhi kutoka Kegonga. Wageni wetu walicheza kwa heshima. Mpaka mapumziko tulikuwa na mabao matatu, na mwenyekiti alikuwa ameshasimama mara kadhaa kupunga mkono kana kwamba ni yeye anayefunga.

Kipindi cha pili Mwalimu akaanza kubadilisha. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tukapata bao la nne. Wa nne, wa tano, wa sita. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya benchi, moyo unanidunda kama nimeiba kuku. Na hapo bahati ikatusaidia, au niseme tulidhani imetusaidia. Golikipa wetu wa akiba alikuwa kijana wa Migori, na uwanja mzima ukaanza kuimba aingizwe. Nyathiwa, nyathiwa, walimwita, mtoto wetu. Mwenyekiti mwenyewe akapaza sauti kutoka jukwaani, "Mwalimu, watu wanataka mtoto wao!" Mwalimu akageuka, akaniangalia, akainua kidole kwa mwamuzi wa pembeni. Golikipa akatoka, mtoto wao akaingia. Wa saba. Nilishusha pumzi. Mwenyekiti wetu alikuwa ameifuta mechi yake mwenyewe, na alikuwa akipiga makofi.

Baada ya mechi alipanda nyuma ya pikapu akawahutubia watu. Akawaambia kwamba leo, hapa Migori, timu ya taifa imepanda hadi nafasi ya tatu ya kanda nzima, na kwamba mchango huo wa Migori hautasahaulika. Walishangilia sana. Mwalimu alisimama kando yangu, matope mpaka kifuani kwa kukumbatiwa, akasema taratibu, "Mwache afurahi."

Chakula cha jioni kilikuwa katika hoteli moja mjini. Kwenye meza kuu walikaa mwenyekiti, Mwalimu, mimi kwa sababu ya hesabu zangu, na kamisaa wa mechi, mzee mtaratibu aliyetumwa na kanda kuandika ripoti. Kamisaa alikula, akanawa mikono, akampongeza mwenyekiti kwa ukarimu, kisha akasema ni vibaya tu kwamba mechi nzuri vile haitahesabiwa, kwa kuwa wenyeji wamefanya mabadiliko saba.

Mwenyekiti akaweka tonge chini. "Haitahesabiwa vipi? Nimeshawaambia watu."

"Kanuni, Mheshimiwa."

"Nimewaambia watu elfu na elfu kwamba tumepanda. Wapinzani wangu wakijua haikuhesabiwa, kesho watakuwa wanalitangaza kwa vipaza sauti mpaka mpakani."

Mwalimu akajaribu. Nampa haki yake, alijaribu kweli. Akasema, "Mheshimiwa, ni heri isihesabiwe. Ikihesabiwa tunashuka. Tulikueleza Homa Bay." Nami nikarudia hesabu yote, polepole, kwa kutumia vipande vya chapati: hizi tano ni mechi zetu, hiki kidogo ni cha leo, gawanya kwa sita. Mwenyekiti alivitazama vile vipande, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba hata kama angeelewa haingesaidia. Shida yake haikuwa jedwali. Shida yake ilikuwa pikapu.

Akamgeukia kamisaa. "Golikipa akiumia?"

"Golikipa aliyeumia hahesabiwi katika mabadiliko," kamisaa akasema kwa uaminifu wa mtu anayejua kanuni zake. "Lakini sikuona akiumia."

"Yule kijana aliumia. Aliumia vibaya. Ni mvumilivu tu."

Akainuka akaenda meza ya wachezaji. Golikipa wetu namba moja alikuwa anakula ngege mzima kwa mikono yake yote miwili, mwenye afya kuliko mtu yeyote katika wilaya ile ya matope. Daktari wa timu akaitwa. Muda si mrefu kijana akarudi akiwa amefungwa bendeji kutoka kwenye vidole hadi kiwiko, akamalizia samaki wake kwa mkono wa kushoto, uso umejaa maswali. Wenzake wakampa pole. Kuna aliyemkatia ugali. Kamisaa aliitazama bendeji, akamtazama daktari, na daktari akasema ni kifundo cha mkono. Mzee yule akaandika alichoambiwa na daktari, kwa sababu kanuni ilimtaka aandike alichoambiwa na daktari. Ripoti ikaenda kwa faksi ya hoteli. Mabadiliko sita. Mechi imehesabiwa.

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Nilitoka nje nikasimama barazani, Mwalimu akanifuata, na nikamwambia amwite kamisaa, aseme ukweli, kwamba mtoto hana hata mchubuko. Alifikiri. Akasema, "Nikimwita daktari wangu mwongo mbele ya kamisaa, na golikipa wangu mwongo, Januari nitakuwa kocha wa nani?" Halafu akarudi ndani, akamsaidia kijana kukata samaki.

Mwenyekiti alishinda ubunge. Siwezi kusema ni kwa ajili ya mechi, lakini siwezi pia kusema si kwa ajili yake.

Jedwali lilipotoka tulikuwa wa tano, sita nukta nne tano, kama nilivyomwambia mwenyekiti kule Homa Bay. Tukawekwa chungu cha pili, na droo ikatupeleka kundi moja na mabingwa. Kamati ikakutana Nairobi, mwenyekiti, sasa Mheshimiwa wa kweli, akiwa kwenye kiti chake, Mwalimu akiwa amekaa mwisho wa meza na koti lake la shule. Nikaitwa nieleze imekuwaje timu iliyoshinda mechi yake ya mwisho kwa mabao manne ikashuka. Kwa mara ya kwanza kamati nzima ilitaka kujua tulifikaje tulikofika. Walinipa ubao na chaki.

Nikaeleza. Nikaandika tano, nikaandika sita, nikaonyesha wastani ulivyokuwa kabla ya Migori na ulivyokuwa baada yake. Safari hii walinisikiliza mpaka mwisho. Waliinamisha vichwa, wakanong'onezana, na nikaona kwa macho yangu watu wazima wakielewa, mmoja baada ya mwingine. Nilifurahi. Nilidhani tumepona.

Mwenyekiti naye alielewa, vizuri kabisa. Akauliza kwa utulivu, "Na kocha alijua haya kabla ya mechi?"

"Alijua, Mheshimiwa," nikasema haraka. "Alijua yote. Tulikueleza wewe pia. Ndiyo maana alifanya mabadiliko saba, ili isihesabiwe."

Mwenyekiti akaiacha ile habari ya kuelezwa ipite. Akawageukia wenzake.

"Basi mmesikia wenyewe. Kocha wa taifa alijaribu kuifuta mechi ya taifa. Na alijua kwamba tukishinda tutashuka." Akawatazama mmoja mmoja. "Alijua, na bado akashinda."

Hakuna aliyecheka. Walimtazama Mwalimu kwa macho ya watu waliosalitiwa, na mwenyekiti akauliza kama ana la kusema. Mwalimu alifikiri, kama alivyofikiri siku zote alipoulizwa kitu.

"Ningefungwa tungeshuka zaidi," akasema.

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mikono yote iliinuka, nami nikiwa nimesimama ubaoni na chaki, bila kura. Aliposimama kuondoka alipita karibu na ubao, akaisoma hesabu kutoka juu hadi chini, akaniambia iko sawa yote. Kisha akafunga vifungo vya koti na kutoka, kwa sababu Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa.